Fremu 30 ndani ya mradi wa 25

Kamera kubwa ya harusi imerekodi fremu 25 kwa sekunde, simu ya shangazi imerekodi 30. Mhariri anaziweka pamoja katika mradi wa fremu 25, na bibi harusi anapoingia ukumbini, klipu ya simu inarukaruka.

Ili fremu 30 zienee kwenye nafasi 25, programu hutupa moja katika kila sita. Mara tano kwa sekunde, mwendo unaruka hatua. Wageni waliokaa hawafichui kasoro hiyo. Kamera inayogeuzwa taratibu kumfuata mtu huifichua papo hapo, kwa hiyo hapo ndipo pa kukagua. Klipu ya fremu 50 ni salama zaidi, maana kila fremu ya pili huachwa kwa mpangilio ulio sawa.

Kwa picha isiyohitaji sauti yake, dawa nzuri kuliko zote ni kuiagiza programu iisome klipu ya simu kama ya fremu 25. Hakuna fremu inayopotea. Kasi hushuka hadi asilimia 83 hivi, na maharusi huonekana wakitembea kwa madaha.

Hotuba haitendewi hivyo, kwa kuwa sauti nayo ingevutika. Hapo ni afadhali fremu zitupwe: msemaji aliyesimama hatikisiki sana.