Gunia la mtama lililokwisha siku nane kabla

KATIKA nyumba moja ya Mtoni Kijichi, wilayani Temeke, kuna banda la njiwa 20, paka mmoja na mtoto wa miaka miwili ambaye kila anachookota kinaishia mdomoni. Baba wa familia hiyo alinunua gunia la kilo 25 za mtama wa njiwa, akaliegemeza kwenye kona ya stoo. Siku ya 28 gunia likawa tupu.

“Baba watoto alidhani kijana anayelisha anauza mtama wetu,” anasema mama wa nyumba hiyo.

Hesabu yao haikuwa mbaya. Njiwa mmoja mkubwa hula kama gramu 35 kwa siku, kwa hiyo njiwa 20 humaliza gramu 700. Kwa kiwango hicho gunia lilipaswa kufika siku ya 36. Zilizopotea ni kilo tano na ushei, karibu gramu 200 kila siku. Panya mkubwa wa nyumbani hushiba kwa gramu 25 hivi. Familia hiyo ilikuwa inafuga njiwa 20 na, bila kujua, ikilisha panya wanaoweza kufika wanane. Kijana wa watu hakuwa na kosa.

Dalili zilikuwepo. Nyuma ya gunia, chini kabisa, palikuwa na tundu la kutafunwa, na sakafuni kinyesi cheusi kinachong’aa. Kinyesi kibichi hung’aa na ni laini, cha zamani hukauka na kuwa na vumbi. Chenye ukubwa wa punje ya mchele ni cha panya wadogo. Kinachokaribia punje ya maharage, chenye ncha butu, ni cha panya wakubwa.

Kilichofuata ndicho kinachotokea katika nyumba nyingi za Dar es Salaam. Alipita muuzaji na kipaza sauti chake, ile sauti iliyorekodiwa inayotaja panya, mende, kunguni na viroboto kwa pumzi moja. Baba akanunua pakiti isiyo na maandishi yoyote, akachanganya na mtama na kumwaga nyuma ya gunia. Baada ya siku mbili njiwa watatu walikutwa wamekufa. Panya walikuwa wamezisambaza punje zile hadi mlangoni, mahali ambapo mtoto hukaa kucheza. Hakuzila, lakini mama anasema alikesha usiku mzima akimwangalia anavyopumua.

Ubaya wa sumu ya aina hiyo ni kwamba mtoto akiila, daktari hana pa kuanzia kwa kuwa hajui ni kitu gani. Viuatilifu halali husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na pakiti huonyesha jina la dawa. Lakini hata sumu iliyosajiliwa haifai kuchanganywa na chakula kilekile wanacholishwa ndege. Paka naye anaweza kudhurika kwa kula panya aliyekula sumu. Mtoto akila, asitapishwe nyumbani. Apelekwe hospitali haraka pamoja na pakiti.

Aliyeisaidia familia hiyo ni mzee jirani aliyefuga njiwa tangu ujana wake. “Mwanangu, usiwafukuze panya,” alimwambia baba. “Wafungie jiko.”

Alianza na kulisha, kabla hata ya kugusa stoo. Njiwa walikuwa wakimwagiwa mtama chini mara moja asubuhi, na kilichobaki kilikaa hadi kesho yake. Sasa hupimiwa kopo la nusu lita, lisilojaa hadi ukingoni, asubuhi, na jingine saa kumi jioni. Wanalia kwenye sinia yenye kingo. Baada ya nusu saa sinia huondolewa, punje zilizoanguka hufagiwa, na kufikia magharibi hakuna kitu chini ya banda. Njiwa wakibakiza, kesho kopo hupunguzwa. Konzi moja ya mtama iliyosahauliwa, kama gramu 50, ni chakula cha usiku cha panya wawili wakubwa.

Bakuli la paka lilikuwa na shida yake. Wali na dagaa vilikaa jikoni usiku kucha, na taa ikiwashwa ghafla mende hutawanyika. Siku hizi paka hula mapema jioni na bakuli huoshwa palepale. Maji ya njiwa nayo humwagwa usiku, maana mende huvumilia njaa kwa wiki kadhaa lakini kiu huwasumbua mapema zaidi. Wenye mbwa wa ulinzi, ambao hupewa ugali usiku, wanaweza kuusogeza kabla ya giza. Mbwa hatalinda vibaya kwa sababu alikula saa kumi na moja.

Kwa sisimizi, bakuli la paka huwekwa katikati ya sahani pana yenye maji na tone la sabuni ya kuoshea vyombo. Bila sabuni, sisimizi wengine huelea na kuvuka. Bakuli lisiguse ukuta, na maji yabadilishwe kila siku. Dar es Salaam imewahi kukumbwa na milipuko ya dengi, mwaka 2014 na 2019, na mbu wake hupenda hasa vyombo vidogo vya maji kama hivyo.

Ndipo wakaja kwenye stoo. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana huzuia sisimizi na mende, lakini panya mkubwa akipata ukingo wa kuuma huitoboa. Mzee alishauri debe la bati lenye mfuniko, lililoinuliwa juu ya matofali, mbali kidogo na ukuta ili nyuma yake pafagike. Ndoo iliyokuwa na rangi haifai kwa chakula cha mnyama yeyote. Gunia jipya humiminwa nje ya nyumba na kukung’utwa, kwa sababu mende hugandisha vifuko vya mayai kwenye mikunjo ya magunia na maboksi.

Kuna mtego hapo. Mtama mbichi ukifungiwa kwenye bati, kwa joto na unyevu wa pwani, huota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu inayoweza kuua ndege. Kupima ni rahisi: tia mtama kidogo na chumvi kavu kwenye chupa ya kioo iliyokauka, tikisa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mtama unahitaji jua zaidi.

Mama alinyunyiza majivu kwenye kizingiti cha stoo kila usiku ili asome nyayo. Usiku wa kwanza hadi wa tatu ziliongezeka, akakata tamaa kidogo; panya wenye njaa huzunguka zaidi. Hapo wakatega mitego miwili ya kubana kando ya ukuta, ndani ya stoo iliyofungwa mtoto asifike, chambo kikiwa kipande cha dagaa. Walinasa watano. Wiki ya tatu majivu yalibaki safi kwa usiku minne mfululizo.

Hawajamaliza. Nyuma ya ukuta kuna jalala la nyumba tatu, na masika Mto Kizinga ukijaa panya hupanda kutafuta pakavu. Nafasi chini ya mlango inayopitisha kidole kidogo inamtosha panya mdogo, kwa hiyo fundi amepigilia kipande cha bati. Gunia la pili lilifunguliwa na tarehe yake ikaandikwa kwa chaki kwenye debe. Lilikwisha siku ya 35.