Mkutano wa ukumbini na mtandaoni: jinsi ya kupata hesabu moja ya waliohudhuria

Kamati yako imefanya mkutano wa saa mbili. Wengine walikaa ukumbini, wengine walifuatilia kwa Zoom. Mfadhili anataka idadi moja, na kwa idadi hiyo ataamua viti na bando za mkutano ujao. Ukijumlisha tu saini na majina ya Zoom, utamhesabu mtu mmoja mara mbili au tatu.

Kwanza, wekeni kanuni moja kabla ya mkutano. Kwa mfano: aliyehudhuria ni mtu aliyekaa dakika 30 au zaidi, popote alipo. Ili kanuni hiyo ifanye kazi ukumbini, karatasi ya mahudhurio iwe na saa ya kuingia na saa ya kutoka. Akaunti ya Zoom ya kulipia humpa mwandaaji orodha yenye mambo hayo hayo, pamoja na dakika ambazo kila mtu alikaa.

Tuchukue mfano. Karatasi ya ukumbini ina majina 64, lakini saa zinaonyesha kuwa 6 waliondoka mapema. Wamebaki 58.

Orodha ya Zoom ina mistari 57. Usiogope wingi huo: mtandao ukikatika na mtu akaingia tena, anaweza kuandikwa mstari mwingine. Unganisha mistari ya mtu mmoja na ujumlishe dakika zake kabla ya kumwondoa yeyote. Aliyekaa dakika 12, kisha 10, kisha 15, amefikisha 37, kwa hiyo anahesabiwa. Baada ya kuunganisha, wamebaki watu 38. Wanane hawakufikisha dakika 30, wamebaki 30. Wawili kati yao wamesaini pia ukumbini, maana walifungua Zoom wakiwa wamekaa humo humo. Waondoe, wabaki 28.

Sasa kuna simu moja iliyotazamwa na watu 9 katika boma moja. Zoom imeona mtu mmoja tu. Mwenye simu aandike majina na saa za wenzake siku hiyo hiyo, si kwa kukumbuka baada ya wiki. Kama wote walifikisha dakika 30 na hawamo kwenye orodha nyingine, ongeza 8. Mtandaoni ni 36, na jumla ni 94. Kujumlisha bila kuchuja kungekupa 121.

Kama mlirusha pia Facebook, usiongeze namba ya waliotazama. Facebook huhesabu hata aliyetazama video kwa sekunde chache tu, wala haikupi orodha ya majina ya kulinganisha na saini. Iandike peke yake, chini ya jumla.

Katika ripoti andika 58, 36 na 94, pamoja na kanuni ya dakika 30. Majina na namba za simu zibaki kwenye faili la kamati. Mkutano ujao tumieni kanuni hiyo hiyo, la sivyo hamtajua kama watu wameongezeka au ni hesabu tu iliyobadilika.