Spika Isiyo na Jicho Iseme Nini Ukiionyesha Picha?

Tuchukue mfano wa nyumba moja ya Buxton, kisiwani Mombasa, katika maghorofa yaliyojengwa palipokuwa na nyumba za zamani za kaunti, njiani kuelekea Daraja la Nyali. Bibi ana kisukari na macho yake hayawezi tena maandishi madogo. Mwanawe aliyeko Maskati amemletea spika ya kuzungumza nayo, ile ambayo ukiita jina lake inawasha taa na kujibu. Jioni bibi yuko na mjukuu tu, na pakiti mpya ya dawa imetoka dukani. Mjukuu anaipiga picha kwa simu, simu yenyewe imeunganishwa na spika kwa bluetuthi, kisha anauliza kwa Kiingereza cha shuleni, maana spika hizi nyingi hazikuandaliwa kwa Kiswahili: "Nimekutumia picha ya dawa ya kisukari ya bibi. Ameze vidonge vingapi?"

Picha hiyo haijaenda popote. Imebaki ndani ya simu. Swali langu ni nini kinachopasa kutoka kwenye spika katika sekunde chache zinazofuata.

Kwanza tuone kwa nini mjukuu amekosea bila kosa. Simu yake imeandika kwamba imeunganishwa, na kwa hakika imeunganishwa, kwani dakika chache zilizopita ilikuwa ikipiga muziki kwenye spika hiyo hiyo. Lakini njia ya bluetuthi inayopeleka muziki kwenye spika hubeba sauti peke yake. Kadhalika kuwa kwenye waifai moja hakuifanyi spika kuona yaliyomo ndani ya simu. Kwenye WhatsApp mtumaji huona picha yake imekaa pale juu ya maneno, na tiki zikimwambia imefika. Spika haina kioo wala tiki. Anayeongea nayo hana ushahidi wowote wa kilichofika na kisichofika isipokuwa yale itakayoyatamka.

Ndani ya spika ya namna hii mna maikrofoni kadhaa, kipaza sauti, na kompyuta ndogo inayosubiri jina la kuamshia. Ikilisikia, hurekodi maneno yanayofuata na kuyapeleka kwa mtandao kwenye kompyuta kubwa za kampuni. Huko sauti hugeuzwa kuwa maandishi, maandishi hupewa programu ya kutunga jibu, na jibu hugeuzwa kuwa sauti na kurudishwa. Kwa hiyo programu inayotunga jibu hupokea sentensi tu: "Nimekutumia picha ya dawa ya kisukari ya bibi." Haioni mkono wa mjukuu ulionyoosha simu. Haijui hata kama kuna simu.

Hapa ndipo hatari inapoanza. Programu za akili unde za siku hizi zimefunzwa kwa maandishi mengi mno, yakiwemo mazungumzo ambayo mtu anataja picha na mwenzake anaijibu. Zisipoambiwa wazi kwamba katika mazungumzo haya hakuna njia ya picha, zaweza kuendelea kana kwamba picha ipo, na kujaza pengo kwa kile kinachoelekea kuwa kweli. Mtu ametaja bibi mwenye kisukari? Dawa inayotolewa sana ni metformini. Kidonge chake kinachotajwa sana ni cha miligramu 500. Maelezo yanayotajwa sana ni kimoja mara mbili kwa siku pamoja na chakula. Basi spika inajibu kwa sauti tulivu: "Naona ni metformini ya miligramu 500, ameze kimoja asubuhi na kimoja jioni."

Jibu hilo laweza kuwa sahihi, na ndiyo sababu ni baya. Lingekuwa la kipuuzi, mjukuu angelicheka na kumpigia mama yake. Lakini limekaa karibu na ukweli, na limesemwa kwa uhakika uleule ambao spika hutumia kutaja saa. Metformini hutengenezwa pia kwa vidonge vya miligramu 850 na 1000. Ikiwa daktari amebadilisha dozi mwezi huu na pakiti ni ya 1000, spika imempa bibi maelezo ya pakiti ambayo haikuiona. Neno moja tu katika jibu lile ni la uongo mtupu, nalo ni "naona", ila ndilo lililoyabeba mengine yote.

Kuna jibu la pili ambalo wengi huliona la adabu, nami naliona ni uongo mdogo: "Samahani, picha haionekani vizuri. Tafadhali jaribu tena." Linadokeza kuwa kitu kilifika. Mjukuu atasogea kwenye taa, atapiga picha nyingine, atazima bluetuthi na kuiwasha, na kila mara jibu litakuwa lilelile. Kusema "haijafika" ni tofauti na kusema "haiwezi kufika hapa", na zote mbili ni tofauti na kusema "imefika ila siwezi kuisoma". Kila moja inamtuma msikilizaji kufanya jambo jingine: kutuma upya, kuacha kutuma, au kupiga picha iliyo wazi zaidi. Msaidizi anayezichanganya anamchosha mtu kwa kazi isiyo na mwisho.

Jibu la tatu linakosea kwa upande wa pili: "Mimi ni programu ya kompyuta, siwezi kuelewa picha." Mara nyingi hilo nalo si kweli. Echo ya kwanza ya Amazon, iliyotoka mwishoni mwa 2014, ilikuwa na maikrofoni saba na haikuwa na kamera. Mwaka 2017 ikatoka Echo Show, yenye kioo na kamera, na mwaka 2019 nchini Marekani ikaongezewa uwezo wa kuwasaidia wasioona: mtu anashika kopo mbele ya kamera, anauliza ameshika nini, anaambiwa. Msaidizi ni yuleyule, Alexa, na jina ni lilelile. Tofauti ni chombo anachosemea. Kwa hiyo ukweli wa spika ya bibi si kwamba akili unde haiwezi kuelewa picha, bali kwamba spika hii haina njia ya kuipokea.

Na kampuni haziwezi kujitetea kwamba programu iliyo mbali haijui iko kwenye chombo gani. Kwenye mfumo wa Alexa, ombi linalofika kwa mtengeneza huduma hubeba sehemu iitwayo `supportedInterfaces`, inayotaja chombo hicho kina uwezo gani, kwa mfano kama kina kioo cha kuonyeshea. Taarifa ya uwezo wa chombo huweza kufikishwa. Kinachobaki ni kuikabidhi kwa programu inayotunga jibu, kwa maneno yasiyo na utata: mtu huyu anasikia tu na wewe unasikia tu, hakuna kamera wala njia ya kupokea faili, akitaja picha, mwambie haijafika na haiwezi kufika kupitia hapa. Mistari miwili mitatu ya maelekezo ya namna hiyo huzuia sehemu kubwa ya makosa niliyoyataja, ingawa haimalizi yote, na ndiyo maana lazima majibu yajaribiwe kabla chombo hakijafika sebuleni kwa mtu.

Sasa jibu lenyewe. Anayesikiliza hawezi kuruka mistari kama msomaji, hivyo jambo kubwa litangulie na liwe fupi: "Sijaona picha. Spika hii inapokea sauti tu." Hakuna haja ya kuomba radhi kwa sentensi tatu, wala kueleza namna mitandao inavyofanya kazi. Kisha ifuate hatua moja ambayo mtu aliye pale anaweza kuifanya: "Nisomee herufi za jina la dawa, moja moja."

Nasema herufi moja moja kwa sababu kusikia nako kuna mipaka yake. Metformini na metronidazo, ile ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Flajili, ni jozi ambayo wataalamu wa usalama wa dawa wameiorodhesha miongoni mwa majina yanayochanganywa. Moja ni ya kisukari, nyingine ni ya kuua vijidudu. Mtoto akiisoma kwa haraka, feni inazunguka na televisheni inaongea, mashine yaweza kushika nyingine. Namba nazo zina mtego, hasa kwa Kiingereza, ambako kumi na tano na hamsini hukaribiana sana masikioni. Kwa hiyo spika irudie ilichosikia: "Umenisomea metformini, tarakimu moja, sifuri, sifuri, sifuri. Ni sawa?" Mjukuu akisema ndiyo, spika inajua jina na nguvu ya kidonge, lakini kwa kuambiwa. Maneno "kwa jinsi ulivyonisomea" yabaki katika kila jibu litakalofuata, ili asije baadaye akamwambia mama yake kwamba spika iliiona pakiti.

Kuhusu dozi yenyewe, spika isijibu kutoka kichwani mwake kamwe. Imwulize mjukuu muuza dawa ameandika nini juu ya pakiti. Kwetu huandikwa kwa mkato, kama 1×2, yaani kidonge kimoja mara mbili kwa siku. Mjukuu akisoma "moja mara mbili", spika inaweza kumfafanulia maana yake. Akisema hakuna maandishi, au yamefutika, jibu la haki ni kwamba bibi asubiri mpaka waulizwe waliotoa dawa, na kama namba ya duka ipo kwenye risiti wapigiwe sasa.

Yapo mambo ambayo hata kusomewa hakuyasaidii. Tokeni ya umeme yenye tarakimu 20 inasomeka kwa sauti bila shida. Kipele kwenye mguu wa mgonjwa wa kisukari hakisomeki. Mjukuu ataeleza ni chekundu, ni kidogo, na maelezo hayo yatategemea macho ya mtoto na maneno aliyo nayo. Hapo spika iseme kwamba jambo hili linahitaji kutazamwa na mtu, na isimpeleke kwenye programu ya simu bila kuuliza, kwa maana wapo wengi ambao nyumbani hubaki na kabambe tu.

Ikiwa una spika ya namna hii nyumbani, au unataka kumnunulia mzazi, ijaribu leo. Usipige picha yoyote wala usitume kitu. Iambie tu: "Angalia picha niliyokutumia, uniambie ni dawa gani." Ikikwambia kwamba haipokei picha, una chombo kinachojua mipaka yake. Ikikutajia dawa, iache icheze kaswida na kutaja saa, na mambo ya dawa yapeleke kwa mtu mwenye macho.