Kadi Moja Mbovu Inapozima Mtandao Mzima

Mwaka 2016 wahandisi wa Microsoft walichapisha matokeo ya jaribio dogo. Waliunganisha seva mbili kwa swichi moja, wakaiagiza swichi itupe pakiti moja katika kila 256. Hasara hiyo haifiki hata nusu ya asilimia moja. Seva zikaanza kupelekeana ujumbe wa megabaiti 4 mmoja baada ya mwingine. Waya ulijaa data muda wote, lakini hakuna ujumbe hata mmoja uliofika mzima.

Seva hizo zilitumia RDMA, njia ambayo kadi ya mtandao huchota data kwenye kumbukumbu ya seva moja na kuiweka kwenye kumbukumbu ya nyingine bila kuisumbua prosesa. Kwa sababu ya kasi yake, mifumo ya kuhifadhi data imeipenda. Kufikia mwaka 2023, takriban asilimia 70 ya data kwenye mtandao wa Azure ilikuwa ikisafiri kwa RDMA. Ila kadi za wakati wa jaribio, zikipoteza pakiti moja tu, zilituma upya ujumbe wote toka mwanzo. Megabaiti 4 ni kama pakiti 4,000. Ukitupa moja katika 256, ujumbe hauishi kamwe. Kadi zilirekebishwa zianzie pale pakiti ilipopotea, lakini hata hivyo kila upotevu unaendelea kuumiza.

Ndiyo maana swichi hupewa foleni zisizopoteza. Kiwango cha IEEE 802.1Qbb cha mwaka 2011, kinachojulikana kwa kifupi PFC, hugawa data katika mafungu 8 ya kipaumbele, kila fungu na foleni yake. Foleni ya hifadhi ikikaribia kujaa, swichi haitupi kitu. Humtumia jirani aliye upande wa pili wa kebo fremu fupi ya kumwambia asimamishe fungu hilo. Mafungu mengine, kama ya barua pepe na tovuti, huendelea kupita.

Amri hiyo haifiki papo hapo, na hapa ndipo ugumu ulipo. Katika kebo ya mita 100, fremu ya kusimamisha huchukua kama nanosekunde 500 kufika, na data iliyokwisha kuondoka huchukua nyingine 500 kuingia. Kwa kasi ya gigabiti 100 kwa sekunde, hiyo ni baiti 12,500 zinazotua baada ya swichi kusema "basi". Ongeza pakiti ambayo jirani alikuwa ameshaanza kuituma, maana haikatwi katikati, na muda wake wa kuitikia. Nafasi hiyo lazima itengwe mapema kwenye bafa, kwa kila poti na kila fungu lisilopoteza. Kebo ikirefuka, nafasi nayo hukua: kwa kilomita 10 inapita megabaiti moja kwa poti moja. Microsoft, kwa umbali wa hadi mita 300 na bafa ndogo ya swichi zao, waliweza kulinda mafungu mawili tu kati ya yale 8.

Lakini ulinzi huu una hatari yake. Swichi iliyosimamishwa nayo hujaa, ikawasimamisha walio nyuma yake, kama msongamano wa magari unaorudi nyuma hadi kufunga njia panda isiyohusika. Wahandisi hao walikutana na kadi moja iliyoharibika upande wa kupokea, ikawa inatuma fremu za kusimamisha bila kukoma. Swichi ya rafu yake ikajaa, zikafuata za juu yake, kisha za rafu nyingine, mpaka seva zisizo na kosa lolote zikashindwa kutuma.

Dawa waliyoweka ni walinzi wawili. Wa kwanza yuko kwenye kadi: ikiona haijapokea kitu kwa milisekunde 100 huku ikituma fremu hizo, hujizuia kuzituma. Wa pili yuko kwenye swichi: poti ya seva ikizidi kusimamishwa huku foleni haisogei, swichi huiondolea poti hiyo ulinzi na kutupa pakiti zake, mpaka fremu hizo zikome kwa milisekunde 200. Seva moja inaumia ili nyingine ziendelee na kazi.

Kwenye swichi za SONiC, dalili huonekana kwa amri mbili:

```
show pfc counters
show pfcwd stats
```

Ya kwanza huhesabu fremu za kusimamisha kwa kila poti, ya pili huonyesha mlinzi amefanya nini. Hesabu inayopanda kidogo kisha ikatulia ni ya kawaida. Ikipanda mfululizo kwenye poti ya seva moja, mshukiwa ni kadi ya seva hiyo. Anayesimamia kituo cha data asiwashe foleni isiyopoteza kabla ya kumwasha mlinzi.