Moto Ulio Nyuma ya Breka Kuu

Fundi umeme huikaribia kilovolti 11 kwa hofu, kisha akifika kwenye bodi ya volti 400 anakunja mikono ya shati. Kwa upande wa arki, yaani moto wa umeme unaoruka hewani kati ya vyuma, mazoea hayo ni ya hatari.

Chukua transfoma ya kVA 1,000 inayoshusha kilovolti 11 kuwa volti 400, ambayo kibao chake kinaonyesha ukinzani wa asilimia 5. Ikibeba mzigo kamili hutoa ampea 1,440 hivi. Shoti ya chuma kwa chuma kwenye bodi kuu hufika takribani ampea 29,000. Arki haifiki huko, kwa kuwa hewa iliyoungua nayo inaukinza umeme. Kwa kanuni za IEEE 1584 za mwaka 2002, hushuka hadi ampea 13,000 hivi.

Mtu angedhani kupungua huko ni nafuu. Kumbe ndipo mtego ulipo. Tuseme breka kuu imepangwa kukata papo hapo umeme ukizidi ampea 16,000. Shoti kamili itaiona. Arki ya 13,000 haitaiona, hivyo itangoja muda wake wa subira, uliowekwa ili breka ndogo zitangulie kukata.

Na joto linaongezeka sawasawa na muda. Kwa fundi aliye sentimita 61 kutoka kwenye arki, sekunde 0.05 humpa kalori 1.4 kwa kila sentimita mraba, sekunde 0.4 humpa 11. Ngozi isiyofunikwa huanza kutoka malengelenge kwenye 1.2. Ndiyo maana baadhi ya breka huwekewa swichi ya matengenezo, inayoondoa subira na kushusha kiwango cha kukata chini ya zile ampea 13,000. Kazi ikiisha irudishwe, la sivyo hitilafu ya waya mmoja wa ghorofani itazima jengo zima.

Lakini swichi hiyo haisaidii kitu arki ikizuka kwenye vituo ambako nyaya za transfoma zinaingia, nyuma ya breka kuu. Hapo breka ikikata, moto unaendelea kulishwa. Kinachobaki ni fyuzi za kilovolti 11, na kwao ampea 13,000 zinaonekana kama 470 tu. Fyuzi iliyochaguliwa kustahimili mshtuko wa kuwasha transfoma inaweza kuchukua sekunde nzima au zaidi kuyeyuka. Sekunde 2 ni kalori 55, kiwango ambacho nguo nyingi za kinga hazikutengenezwa kukihimili.

Rilei yenye vihisi vya mwanga hugundua arki kwa milisekunde chache, ila ni lazima iwe na breka ya kuiamuru upande wa kilovolti 11. Fyuzi tupu haipokei amri. Pasipo breka hiyo, chumba cha nyaya zinazoingia kisifunguliwe kabla transfoma haijazimwa huko juu, swichi ikafungwa kwa kufuli, na kipimo kikathibitisha kuwa hakuna umeme.