Bei ya jumla na ukubwa wa oda

Mwaka 1913 Mmarekani Ford Harris alichapisha kanuni ya kukadiria oda inayofaa: oda ndogo hukuongezea safari za kuagiza, oda kubwa hulaza mtaji stoo. Lakini kanuni hiyo huchukulia kwamba bei haibadiliki, ununue kidogo au kingi.

Chukua duka linalouza mifuko 3,600 ya saruji kwa mwaka, kila mfuko ukinunuliwa shilingi 16,000. Kila oda hugharimu 40,000, na kuweka mfuko mmoja stoo mwaka mzima hugharimu asilimia 20 ya bei yake. Kanuni inasema agiza mifuko 300. Ukijumlisha ununuzi, uagizaji na stoo, mwaka unakula 58,560,000.

Sasa msambazaji anasema: ukichukua kuanzia 600, mfuko ni 15,500. Ukipiga hesabu upya kwa bei hiyo, kanuni inakupa mifuko 305 hivi, na hiyo haifikii kiwango cha punguzo. Kwa hiyo jaribu 600 kamili, kwa kuwa kuzidi hapo ni kuongeza gharama ya stoo tu. Gharama ya stoo karibu inaongezeka maradufu, lakini jumla inashuka hadi 56,970,000. Chukua 600.

Kama punguzo lilelile lingeanzia mifuko 1,800, jumla ingefika 58,670,000, yaani hasara ya 110,000 ukilinganisha na kuagiza 300. Na saruji ya miezi sita huanza kuganda stoo, jambo ambalo hesabu hii haikuligusa.