Mtazamaji Anaandika Nini Kabla ya Kukuona

Mpishi anarekodi video nzuri ya chapati, halafu anaipa kichwa "Siri ya Mapishi ya Nyumbani kwa Familia Yako". Kichwa kinapendeza, ila hakuna mwenye njaa anayeandika maneno hayo YouTube. Maneno anayoyaandika yanapatikana bure kwenye kisanduku cha kutafutia. Ukianza kuchapa, yale mapendekezo yanayoshuka chini hutokana kwa sehemu kubwa na yale watu waliyokwisha kuyatafuta.

Kwanza fungua kivinjari kwa hali fiche bila kuingia kwenye akaunti yako. Usipofanya hivyo, utaonyeshwa mambo uliyoyatafuta mwenyewe. Hayo huwa na alama ndogo ya saa pembeni. Kisha andika "chapati", acha nafasi, usibonyeze kutafuta. Soma. Ongeza herufi moja, soma tena, ifute, weka nyingine.

Wengi hufundisha kupita alfabeti nzima, a hadi z. Kwa Kiswahili mimi naona huko ni kujichosha, maana sifa zetu hufuata nomino na mara nyingi hutanguliwa na neno dogo la kuunganisha. Jaribu "chapati za", "chapati bila", "chapati kwa", "chapati na". "Za" inaweza kukutolea za maji au za kusukuma, na hizo ni video mbili tofauti kabisa. Halafu geuza, uanzie mbele: "jinsi ya kupika chapati", "kwa nini chapati". Hiyo ya mwisho ndiyo naipenda zaidi, kwa kuwa anayeuliza kwa nini tayari chapati zimemgeukia ngumu kama ngozi ya ngoma, na atatazama hadi mwisho. Jaribu pia jina la upande wa pili: mtu wa Mombasa anaweza kutafuta mahamri pale wa Dar anapotafuta maandazi.

Usichukulie kwamba pendekezo la kwanza ndilo linalotafutwa kuliko yote. Kisanduku hakitaji idadi, na orodha hubadilika kwa nchi na lugha. Kwa hiyo kila kifungu ulichokipata kitafute kweli, uone kinaleta nini. Ukiandika "chapati bila mayai" na video za juu zote zina mayai, hapo pana pengo. Zikijaa video mpya zinazojibu swali hilohilo vizuri, tafuta kifungu kingine.

Kifungu ulichokichagua kiweke mwanzoni mwa kichwa, kama kilivyoandikwa na watu, na kitaje kwa mdomo mwanzoni mwa video. Baada ya wiki chache ingia YouTube Studio, kwenye takwimu, uangalie maneno waliyoyatumia watu waliokufikia kwa kutafuta. Kama kifungu chako hakimo, badilisha kichwa: anwani ya video na idadi ya waliokwisha kuitazama hubaki vilevile.